Kipimo cha Bangili ya Mama

Bangili ya mama ilipotea tena, na tena ikaonekana, safari hii ndani ya debe la unga. Kaka mkubwa, aliyeinunua, akasema basi, yametosha: mama akili imechoka, Jumamosi anakuja kumchukua, nyumba ifungwe. Binti, kitinda mimba wa mama, hakujua ashike lipi. Mama mwenyewe alikuwa bingwa wa utani tangu zamani, utamjuaje anayesahau na anayekuchezea? Binti akamshika mama mkono, wakaenda kwa sonara.

Sonara hata hakuigusa bangili kwanza.

"Nani alikupima, mama?"

"Mwanangu mkubwa. Alizungusha uzi hapa." Mama akanyoosha kiganja, vidole vyote vimetanuka, dole gumba limesimama kando.

"Hivyo hivyo, gumba likiwa nje?"

"Hivyo hivyo. Si unamjua alivyo na haraka!"

Sonara akacheka. "Kunja gumba, ligusane na mzizi wa kidole cha mwisho, kama unaingiza mkono kwenye chupa." Akazungusha utepe penye viungo vya vidole, pale kiganja kinapokuwa kinene zaidi. Sentimita kumi na tisa. Akapima mzunguko wa bangili kwa ndani: ishirini na mbili.

"Kifundo cha mkono hupimwa kwa bangili ya kufunga na kufungua," akasema. "Hii ya mduara haina mlango. Ipite hapa kwa kubana kidogo, basi, haitoki. Hii hata ukipungia mtu mkono inakwenda zake."

Kitinda mimba akahisi machozi. Jamani! Kumbe mama hapotezi kitu, bangili ndiyo inamtoroka! Na mpimaji ni yuleyule anayetaka kufunga nyumba. Walikaa kwenye benchi sonara akikata kipande, akiunga, akisugua, na muda wote huo binti alikuwa anapanga maneno ya kumwambia kaka yake, makali yote.

Ilipopoa, sonara akampaka mama sabuni kidogo kiganjani. Gumba likakunjwa, bangili ikasita penye viungo, ikapita. Mama akaushusha mkono, akautikisa kwa nguvu. Bangili ikagonga mzizi wa gumba, ikabaki palepale.

"Haya, itoroke sasa!" binti akasema, simu iko sikioni tayari. Kaka akaitika. "Kaka, sikiliza, mama mzima kabisa, ni wewe na uzi wako..."

Mama alikuwa anaigeuza bangili kwenye mwanga wa dirisha, anatabasamu.

"Nzuri sana," akamwambia sonara. "Imenikaa kweli. Mwenyewe anaifuata lini?"

Binti akaangua kicheko. Huyu mama naye, hakosi! Akamtazama usoni, akingoja naye acheke. Mama alikuwa ameshakunja gumba, anaivua taratibu asiichubue, mali ya watu.

"Haloo?" kaka akasema. "Mama amefanyaje?"