Sponji ya Kijivu

Kiwanda kilikuwa cha magodoro, ila nyuma ya ghala kilikuwa na karakana ya kukata mito ya viti. Wanawake tisa walifanya kazi humo, na fundi wao mkuu alikuwa wifi yake Mhasibu, yaani dada wa mumewe. Mwanamke wa maneno makali huyo, na mkono usiokosea. Alikuwa mjane mwenye watoto watatu, wote wakiishi kwa kile kisu chake cha kukatia sponji, wala hakuwa mtu wa kuomba jirani chumvi, sembuse ada ya shule.

Sasa Jumatatu ile Meneja aliingia ofisini kwa Mhasibu, akavuta kiti, akasema karakana ya mito ifungwe mwisho wa mwezi. Kila mto uligharimu elfu moja na arobaini kuutengeneza, na ukauzwa elfu moja. Ukiuza mingi unajizamisha zaidi. Nani angebisha? Hesabu hizo Mhasibu alikuwa amezifanya mwenyewe. Kilichobaki ni kuziandikia taarifa, aipeleke kwa Mama mwenye kiwanda siku ya Ijumaa.

Maskini Mhasibu. Nyumbani aliirudisha sahani ikiwa imejaa, na mumewe alipouliza kulikoni alisingizia kichwa. Angesema nini? Siri ya kazi ni siri ya kazi, na anayelindwa na siri hiyo ndiye huyo anayemtupa dada wa mtu barabarani.

Jumatano wifi alimkuta kwenye varanda, akamuuliza bila kuzunguka kama ni kweli wanafungwa. Mhasibu akajibu kwamba hilo hawezi kulizungumza. Wifi alimtazama kutoka viatu hadi kilemba.

"Sawa, bosi," akasema, akaenda zake.

Hilo neno "bosi" lilimkaa moyoni kama mwiba. Angetukanwa afadhali.

Kesho yake karani wa ghala alikuwa mgonjwa, na lori la mnunuzi wa mabaki lilikuwa limeshafika. Mnunuzi huyu alichukua vipande vya sponji vilivyobaki baada ya kukata, akavichanachana na kuwauzia watu wanaojaza mito ya kulalia na makochi. Mtu wa kusimamia mizani hakuwepo, basi akaitwa Mhasibu. Akatoka na viatu vyake vya ofisini, akasimama kwenye vumbi akipiga chafya.

Magunia yakaanza kupandishwa, moja likapasuka, vipande vikamwagika miguuni pake. Vilikuwa vya kijivu. Akatazama gunia la pili, la tatu, akafungua mengine kwa mkono wake, vibarua wakacheka wakidhani anatafuta hela. Yote kijivu. Na magodoro ya kiwanda kile yalikatwa kwenye sponji nyeupe, laini, ya mraba, isiyoacha mabaki ya maana. Sponji ngumu ya kijivu ilitumika mahali pamoja tu, karakana ya mito, ambako mto wa mviringo ukishatoka, pembe zote zinabaki.

Hapo ndipo lilipomwingia, na lilimwingia kwa aibu.

Fedha za mabaki, tangu enzi za mhasibu aliyemtangulia, ziliandikwa kwenye fungu la mapato mengineyo, pamoja na kodi ya kibanda cha getini. Ndivyo alivyokuta, ndivyo alivyoendelea. Mtu akikuta sufuria jikoni haulizi limetoka wapi, hupikia tu. Meneja ndiye aliyewatafuta wanunuzi, na fungu hilo lilipokua alipongezwa kila mwaka, mpaka vijana wa ofisini wakambatiza Mzee wa Mapato, jina ambalo yeye alilipenda sana. Huku karakana ikabebeshwa gharama ya sponji nzima, na pembe zikiuzwa, sifa zinakwenda kwingine. Jamani! Unamtwisha mtu gharama ya ng'ombe mzima, halafu ngozi unauza wewe.

Akarudi mezani, akakokotoa. Mauzo ya mabaki, yakigawanywa kwa mito iliyokatwa, yalitoa sabini kwa kila mto. Fedha hiyo ilipaswa kupunguza gharama ya mto uliozaa mabaki hayo. Elfu moja na arobaini kutoa sabini ni mia tisa na sabini. Mto haukuwa na hasara ya arobaini, ulikuwa na faida ya thelathini.

Unadhani alifurahi? Alifurahi kwa muda wa kuvuta pumzi, kisha akaogopa. Nani angeamini? Watu wangesema kapika hesabu kumwokoa ndugu. Angenyamaza, jina lake lingebaki safi na wanawake tisa wangekwenda nyumbani. Akawaza hayo mpaka chai ikapoa mbele yake, na mwisho akajiona mjinga, maana usafi wa namna hiyo ni uchafu uliofunikwa kitambaa.

Ijumaa walikaa watatu: Mama mwenye kiwanda, Meneja na yeye. Kabla ya kufungua karatasi alisema kwamba fundi mkuu wa mito ni wifi yake, kwa hiyo asiaminiwe kwa maneno, yakaguliwe magunia. Kisha akaeleza yote.

Meneja alikunja uso. Alisema hizo ni fedha zilezile, zimehamishwa mfuko tu, faida ya kiwanda haikuongezeka hata senti.

"Ni kweli," Mhasibu akasema. "Faida ni ileile. Lakini tukifunga karakana, hayo mapato mengineyo utayatoa wapi?"

Mama mwenye kiwanda aliinuka, akaenda ghalani mwenyewe, akafunguliwa magunia. Aliporudi alikuwa na vumbi la kijivu kwenye mkono wa gauni, akasema karakana haifungwi, na kuanzia mwezi ule mabaki yaandikwe kupunguza gharama ya mito. Meneja alibaki ameishika taarifa ya mwaka, kidole kwenye fungu la mapato mengineyo.

"Miaka yote nilidhani hii ni kazi yangu," alisema kwa sauti ya chini, na Mhasibu akamwonea huruma kweli. Akamwambia wanunuzi aliwatafuta yeye, hilo halifutiki. Lakini wote wawili walijua sponji ilikatwa na nani.

Jumapili mchana wifi akatokea nyumbani kwao, bila hodi ya maana. Mumewe Mhasibu alikuwa ametoka. Wifi akakaa ukingoni mwa kochi, mkoba ukiwa mapajani kama mtu aliye safarini, akasema amesikia yote, kiwanda hakina kuta.

"Nataka kukuuliza jambo, na usinidanganye kwa kuwa mimi ni wifi yako," akasema. "Magunia yale yangekuwa meupe, ungesemaje?"

Mhasibu alitamani kusema neno tamu. Lilikuwa karibu, ulimini.

"Ningesema mfungwe."

"Na mimi?"

"Na wewe, wifi. Ningelia, lakini ningesema."

Wifi aliinamisha kichwa. Mhasibu akadhani amemkosa moja kwa moja, amemkosea yeye, amemkosea mume, ameivunja nyumba kwa mdomo wake. Kumbe mwenzake alikuwa anavuta pumzi ndefu, ile ya mtu aliyetua mzigo, na mabega yakaanza kumtikisika.

"Basi leo nitalala," wifi akasema huku akilia. "Ungeniambia ulinionea huruma, ningeingia kazini kesho nikijua nipo pale kwa sadaka."

Mhasibu akahamia kwenye kochi lile, akauondoa ule mkoba mapajani mwake, akauweka chini.