Karani wa Ghala Atakuwa Chini ya Nani

Hermenegildi alikuwa amechoka, na si uchovu wa siku moja. Kuwa katibu wa chama cha ushirika cha wakulima wa mpunga pale Ifakara kulimaanisha kusikiliza lawama za kila mtu, mvua ikinyesha na jua likiwaka. Na sasa mavuno yanakaribia, mto Lumemo umeanza kurudi kwenye kingo zake, na ghala la Mlabani halina karani. Eustaki, karani wa mwisho, alikuwa ameondoka akisema afadhali akavue samaki.

Wala usimlaumu Eustaki. Barua yake ya ajira ilisema atasimamia ghala, “na kazi nyingine atakazopewa.” Basi, hizo kazi nyingine ndizo zilizommaliza. Mwenyekiti wa chama, Mzee Melkiori, alimpeleka akaezeke paa la nyumba yake. Alimtuma Kibaoni kufuata kuku. Na baya zaidi, mwenyekiti akisema pokea gunia hili, katibu akisema usipokee, Eustaki alibaki katikati akitukanwa na wote wawili.

Tangu aondoke, kazi ilishikwa kwa muda na Theodosia, mjane aliyewahi kufundisha watoto kusoma kule misheni. Wote walimwita Mama Balbina, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Wadogo walikuwa wawili nyuma ya huyo, na baba yao alikuwa amekufa maji msimu wa mafuriko. Mama huyu alisoma mizani bila kupepesa, stakabadhi zake zilisomeka, na mpunga mbichi aliutambua kwa kutia punje moja tu kinywani. Akipata kazi hii moja kwa moja, watoto wanakula. Akiikosa, anarudi kwa shemeji zake kulima mashamba ya watu wengine. Hermenegildi alilijua hilo, na alitaka aipate, lakini aipate kwa haki, watu wasije wakasema amependelewa.

Kamati ikamtuma aandike tangazo: kazi zenyewe, sifa za mwombaji, na atakuwa chini ya nani. Mzee Melkiori hakungoja. Alikuja na maneno yake kichwani tayari: atafutwe mwanamume, kijana, mwenye nguvu, mchangamfu, mwenye heshima, wa ukoo unaofahamika. Ungedhani anamtafutia binti yake mchumba.

Hermenegildi alimwamkia vizuri, akamvutia kiti, kisha akaanza kuyapangua maneno yale moja baada ya jingine, polepole, kama mtu anayetoa mwiba mguuni mwa mkubwa wake. Nguvu ni za nini, aliuliza, wakati magunia yanabebwa na wapagazi? Mzee alinung'unika, nguvu zikafutwa. Uchangamfu nao, kamati itaupima kwa nini? Ukafutwa. Heshima kila mtu anajidai anayo, kwa hiyo badala yake akaandika kwamba karani hatapokea zawadi ya mkulima yeyote. Ukoo ulichukua nusu ya asubuhi. Mwanamume akachukua nusu nyingine, mpaka Hermenegildi akauliza mizani inajuaje anayeisoma amevaa suruali au kanga, na mzee akacheka bila kupenda.

Kazi aliziandika waziwazi. Kupima kila gunia mbele ya mwenye mpunga. Kukataa mpunga wenye unyevu na kumweleza mkulima sababu. Kuandika stakabadhi na kumpa mkulima nakala. Kufunga ghala jioni. “Kazi nyingine” hakuiweka kabisa. Na mwishoni akaandika kwamba karani atapokea maagizo kutoka kwa katibu peke yake. Kwenye sifa, kwa kuwa alitaka kitu kisichobishaniwa, aliweka cheti cha darasa la nane. Kamati ikapitisha, tangazo likabandikwa mlangoni. Siku hiyo alikwenda nyumbani akiwa amechoka lakini ameridhika.

Asubuhi yake Theodosia alikuwa amesimama mbele ya lile tangazo. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Hermenegildi.

“Bwana Katibu,” alisema, “shule yetu ya wasichana ilikuwa inaishia darasa la sita. Nani bondeni humu mwenye cheti cha la nane asiye mwanamume?”

Hermenegildi alitaka kuketi chini pale pale. Amemtoa mwanamume mlangoni, kumbe amemwingiza dirishani kwa mkono wake mwenyewe. Na kazi yenyewe wala haikuhitaji cheti hicho. Ilihitaji mtu anayejua kusoma mizani, kuandika na kujumlisha, na mambo hayo mtu hujaribiwa mbele ya kamati yakaonekana. Alimwahidi atalirekebisha. Theodosia akamshukuru, akaenda kufagia ghala.

Ila tangazo lililopitishwa halibadilishwi bila mwenyekiti. Mzee Melkiori alimsikiliza mpaka mwisho, ametulia, kama mtu aliyejua utarudi tu.

“Toa cheti chako, weka jaribio lako,” alisema. “Lakini mimi ndiye mwenyekiti, bwana mdogo. Andika kwamba atapokea maagizo kwa katibu na kwa mwenyekiti. La sivyo, libaki kama lilivyo.”

Hermenegildi alijua hasa anaombwa nini. Alijua Eustaki alikimbia nini. Angeweza kwenda kubisha mbele ya kamati nzima, siku nyingine mbili za kelele, huku wakulima wakianza kukata mpunga. Angeweza hata kumwuliza Theodosia, mwenye maisha yake. Hakumwuliza. Alikuwa amechoka, jamani, amechoka mpaka kwenye mifupa. Alijiambia kwamba mzee atasahau, kwamba cha muhimu mama yule apate kazi. Akapiga chapa upya, akaongeza maneno yale machache, akatia sahihi.

Theodosia alijaribiwa pamoja na vijana wengine na akawashinda wote, hata wajumbe waliokuja wakimnunia walikubali. Akapewa kazi. Hermenegildi alifurahi kweli kweli.

Kisha msimu ukafunguliwa. Foleni ilikuwa ndefu, watu wamelala njiani na mizigo yao, na mbele kabisa pakawa na magunia ya mdogo wake Mzee Melkiori. Theodosia alitia punje kinywani, akaitema. Mpunga ulikuwa mbichi. Akaenda kando kwa Hermenegildi, naye akamwambia asiupokee, autoe nje ukaanikwe kama wa watu wote. Hajamaliza kusema, mwenyekiti amefika, ameegemea nguzo ya mizani, anamwambia karani apime.

Wakulima waliokuwa nyuma wakasogea kusikiliza. Theodosia alimwangalia mmoja, akamwangalia mwingine. Kisha akashika mizani, akapima, akaandika stakabadhi ya mpunga mkavu.

Hermenegildi alimsogelea, uso umemwiva. Alimwuliza kwa sauti ya chini ilikuwaje, wakati imeandikwa wazi kwamba kazi yake ni kukataa mpunga wenye unyevu.

Theodosia hakuinua macho. “Imeandikwa pia nifuate maneno yenu nyote wawili, na aliyeandika ni wewe,” alisema. “Nina watoto, Bwana Katibu. Wewe ukikasirika utanisikitikia. Yeye akikasirika atanifukuza.”

Mkulima aliyefuata, mzee mmoja ambaye mpunga wake ulikuwa umerudishwa kuanikwa jana yake, aliuliza kama sasa na wake wa jana ungepita. Theodosia akamwambia alete tu gunia lake mizanini, na Hermenegildi akasogea pembeni kumpisha.