Kadi Niliyokataa Kuifomati

Mjomba anasema nilimvunjia heshima mbele ya binti wa mteja. Nilimvunjia, sikatai. Ila akisimulia, asimulie yote, asichague vipande.

Mteja mwenyewe alikuwa mwalimu mstaafu. Alikuja studio asubuhi, gauni limepigwa pasi hadi mikunjo yake inakata. Saa nane mchana alikuwa anakwenda kufanyiwa upasuaji wa taya, na daktari alikuwa amemweleza wazi kwamba uso atakaoamka nao hautakuwa huu.

"Nipige nikicheka, Fundi," alimwambia mjomba. "Meno yote yaonekane, hata hili lililopinda."

Mjomba alimpiga picha arobaini na moja. Kwa mwanga ni fundi kweli, haki yake simnyimi. Ugonjwa wake ni haraka. Kile kitaa chekundu cha kamera kilikuwa bado kinapepesa, yaani picha bado zinaandikwa, yeye akafungua kimlango na kuchomoa kadi ya kumbukumbu. Mwalimu akaenda hospitali. Binti yake akabaki kwenye benchi letu, akisubiri picha moja tu ya kumpelekea mamake kabla hajaingizwa ndani.

Kompyuta ikasema kadi haisomeki. Mjomba akairudisha kwenye kamera, nayo ikaandika kwamba kadi ina hitilafu, je, ifomatiwe? Nikaona kidole chake kinaelekea kwenye Ndiyo.

"Mjomba, usibonyeze."

"Kamera yenyewe imeomba."

"Kamera inataka mahali pa kuandika. Haijui humo ndani kuna mama wa mtu."

Akamgeukia yule dada na kumweleza, kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari, kwamba kufomati ni kuisafisha kadi tu, kisha programu inarudisha kila kitu. Wakati mwingine ni kweli. Lakini kamera nyingine hufuta moja kwa moja, na mimi sikuwa tayari kucheza kamari na uso wa mtu. Nikazima kamera iliyokuwa mikononi mwake, nikachomoa kadi, nikafumba ngumi.

Alinikumbusha studio ni ya nani. Alinikumbusha nani alinifundisha kushika kamera, na kwamba stashahada imeniotesha pembe. Nilimwacha amalize. Kisha nikamwambia yule dada ukweli: siahidi chochote, huenda picha zimo, lakini tukifomati sasa huenda tukazikosa zote.

"Fanya unavyojua," akasema. Alinitazama mimi, si mjomba. Nadhani hapo ndipo nilipomkosea mjomba hasa.

Nikasukuma kile kiswichi kidogo cha ubavuni mwa kadi hadi kwenye kufuli, kisiandikwe kitu juu yake. Nikabadilisha kisoma kadi, nikabadilisha na tundu la kompyuta. Kompyuta nayo ikaomba kufomati, nikabonyeza Hapana. Hata hivyo ilikuwa inaona ukubwa wa kadi, kwa hiyo kadi haikuwa imekufa. Nikainakili yote kama ilivyo kwenye diski ya kompyuta, ili nikikosea nikosee kwenye nakala. Dakika ishirini na tano. Mjomba alisimama nyuma yangu amekunja mikono.

"Daktari wa kadi, mgonjwa anaendeleaje?"

Nikaiachia programu ya kurejesha faili iichambue ile nakala, na kila ilichopata nikakihifadhi kwenye diski, si kwenye kadi. Picha thelathini na nane zilifunguka. Mbili zilikuwa nusu sura, nusu kijivu. Ya mwisho, ile iliyokatishwa ikiandikwa, haikufunguka kabisa. Kwenye ya kumi na tisa mwalimu anacheka kichwa kikiwa nyuma, jino lililopinda liko mbele kabisa.

Saa saba kasoro yule dada alitoka mbio na picha yake, karatasi bado ya moto. Baadaye alipiga simu: mama ameingia, picha kamwachia muuguzi amshikie.

Nikaziweka picha kwenye diski mbili, nikazifungua moja moja kuhakikisha. Hapo tu ndipo nilipofungua kufuli ya kadi, nikairudisha kwenye kamera na kuifomati humohumo, si kwenye kompyuta, ili kamera ijipangie mafaili inavyotaka.

"Si ulikataa kufomati?" mjomba akacheka.

"Nilikataa kabla. Hii ni baada."

Nikapiga picha kumi za majaribio, zikasomeka zote. Hata hivyo nikaichora alama ya mkasi kwa kalamu. Kadi iliyowahi kugoma haibebi tena sura ya mteja.

Jioni mama yangu alinipigia. Kaka yake ameumia, anasema, na mkubwa ni mkubwa, niende nimwombe radhi yaishe. Nitakwenda kesho, kama kila siku. Nitamsalimia, nitamfagilia studio, nitamsafishia lenzi. Radhi siombi.