Kwa Sasa Hatuna Ombi

Kila mwezi tulipowaandikia wawekezaji taarifa ya kampuni yetu ya kukodisha majokofu kwa maduka, kaka yangu alimalizia sehemu ya maombi kwa maneno yaleyale: "Kwa sasa hatuna ombi." Kila nilipomshauri tuombe, alinikunjia uso. "Tutaonekana tunahangaika, dada." Kiburi kitupu.

Mwezi huu niliandika mwenyewe. Wateja kumi na mmoja wamerudisha majokofu. Somo: hatukuwauliza uwezo wao wa kulipia umeme. Fedha iliyobaki ni ya mishahara ya mwezi mmoja. Tunaomba nyongeza.

Mwekezaji mkuu alijibu kabla chai yangu haijapoa.

"Poleni. Fungu la nyongeza tuliwawekea tangu mwanzo wa mwaka. Wiki iliyopita tuliwapa wenzenu walioomba."

Kaka alisoma, akanipa kisogo. Nje, jokofu la mteja wa kumi na mbili lilikuwa likishushwa.