Kibanda cha Punda

Kwenye tanuri letu la matofali nje ya Baghdad, mwenye kivuli ni punda. Amejengewa kibanda cha makuti ya mtende, ana pipa la maji, na adhuhuri hupumzishwa. "Akifa huyu, hasara yangu," husema msimamizi wetu, Abu Ghaith. Sisi, letu ni jua.

Leo kichwa kilimuuma mwenzetu Jabbar tangu asubuhi. Adhuhuri akatapika, akaanguka, jasho linamtiririka.

"Anajitia mgonjwa tu huyo!" Abu Ghaith akafoka.

Nikamkokota mpaka kibandani, nikamlaza, nikamlowesha kichwa na shingo, nikamnywesha maji kidogo kidogo. Baadaye akafumbua macho, maumivu yakapungua. Wenzangu nao wakatupa koleo, wakaingia.

"Tokeni! Hicho kibanda cha punda!"

"Hatutoki mpaka jua lipoe," nikamwambia. "Na usipige kelele, utamshtua punda wako."