Haki Isiyo na Amri

Ildefons Lwakatare alitoka Ijumbi, wilayani Muleba, alfajiri na binti yake Violeth, wakafika Mahakama Kuu Bukoba kabla milango haijafunguliwa. Siku hiyo Jaji angesoma uamuzi wa maombi ya Violeth dhidi ya chuo chake.

Violeth alikuwa mwaka wa mwisho chuo cha uuguzi alipofukuzwa. Simu yake iliita ndani ya chumba cha mtihani. Aliyepiga ni Ildefons, kutoka hospitali, kumwambia kwamba mama yake, Klaudia, amefariki. Wiki moja baada ya mazishi, chuo kilimwandikia kwamba si mwanafunzi tena. Hakuna kamati iliyomwita. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Jaji alisoma polepole. Alisema chuo kilivunja kanuni zake chenyewe kwa kumhukumu mwanafunzi bila kumsikiliza, na kwamba uamuzi huo ulikuwa kinyume cha sheria. Ildefons alimshika Violeth mkono. Wakili wao, Rutashobya, hakuinua macho.

"Hata hivyo," Jaji akaendelea.

Mleta maombi mwenyewe amekiri kwamba aliingia na simu. Mahakama inampa pole kwa msiba wake, lakini kanuni ina adhabu moja tu kwa kosa hilo, nayo haiangalii sababu. Hata angesikilizwa, matokeo yasingebadilika. Tena kozi ile imeshafutwa, wanafunzi wa mwisho wamehitimu. Kutengua uamuzi kungekuwa kazi bure. Amri alizoomba hazitatolewa. Kila upande ubebe gharama zake.

Walipotoka nje Ildefons aliuliza kwa heshima ya Kihaya, "Waitu, wakili, sasa tumeshinda au tumeshindwa?"

"Jaji amekubali kwamba walikosea, mzee. Lakini amri ya mahakama mtu hapewi kwa sababu tu amekosewa. Jaji huangalia pia kama itamsaidia."

"Kwa hiyo wamemkosea, basi imeisha?"

"Tunaweza kukata rufaa. Ila sitakudanganya. Hata tukishinda kule, darasa la kumrudishia halipo."

Ildefons alimtazama binti yake. Alitaka kumwambia kwamba angejua yuko kwenye mtihani, angenyamaza na habari ya msiba mpaka jioni.

"Ningewaambia tu, Tata," Violeth alisema. "Sikutaka wanisamehe. Nilitaka wanisikie nikisema mama amekufa, halafu ndiyo wanifukuze."

Rutashobya aligeuka, akajifanya anapanga majalada yake.

Walirudi Muleba. Kesho yake Violeth aliamka mapema, akaingia kibanjani kukata majani makavu ya migomba. Ildefons alimwita aje kunywa chai. Alimwita tena, kwa sauti kubwa zaidi. Violeth alisikia, maana kisu kilisimama kidogo. Kisha kikaendelea.