Mchele Usiolainika

Bi Chenga alikuwa amechoka kabla hata hajafungua duka. Ule uchovu wa kulala usingizi ukaamka umechoka vilevile, ndio aliokuwa nao tangu msimu uliopita, siku wateja wa jumla walipoanza kuhamia kwenye maghala makubwa ya upande wa pili wa soko. Alibakiwa na wa rejareja wa kilo mbili tatu, wenye maneno mengi kuliko fedha, na mteja mmoja tu mkubwa: hospitali.

"Hospitali wakituacha, tunafunga," mdogo wake alikuwa amesema, na hakusema kwa hasira. Watu walimwita Mizani kwa sababu hakuna gunia lililotoka mle bila yeye kulipima. Mwenye jengo alishataka kodi yake, tena kwa mdomo mchafu.

Jina la Chenga hakupewa kwa kejeli. Lilitokana na kazi yake. Alikuwa anaingiza mkono katikati ya gunia, si juu ambako kila mwuzaji hupamba, anatoa konzi moja, anaitandaza kwenye sinia na kutenga punje nzima huku, zilizovunjika kule. Akimaliza anakwambia chenga ni ngapi katika mia, mchele umetoka mashamba gani, na kama ni wa msimu huu au umelala ghalani. Hata waliokwenda kununua kwa wengine walimletea sampuli awasomee. Aliwasomea bure, maana mama yake aliyelianzisha duka alifanya hivyo, na tabia ya mzazi ni kama kovu, huwezi kuivua.

Asubuhi hiyo mpishi mkuu wa hospitali aliingia na vifuko viwili, akajitupa juu ya gunia na kuvua viatu. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye mikono iliyoungua hapa na pale.

"Shoga, miguu hii si yangu tena, ni ya serikali," alisema. "Nisomee hivi. Wakubwa wangu wanataka nichague leo."

Mizani alinyanyua macho kutoka kwenye mizani yake. Alivijua vile vifuko. Vilitoka kwenye maghala.

Bi Chenga alimwaga kifuko cha kwanza. Punje ndefu, nyeupe pe, hazina harufu yoyote. "Huu wa ng'ambo. Chenga ishirini na tano kwa mia. Wanauzaje?"

"Elfu sitini na mbili na mia tano. Wenu laki moja na nusu! Wakubwa wangu wameona hizo bei mbili wakacheka."

"Wamecheka nini? Gunia lao la kilo ngapi?"

Mpishi alifikiri. "Lile dogo. Ishirini na tano."

"Basi kilo ni elfu mbili na mia tano. Letu ni kilo hamsini, kilo elfu tatu. Tofauti ni mia tano. Usilinganishe gunia na gunia, shoga, linganisha kilo na kilo. Na halafu wetu ni wa hapahapa nyumbani, unanukia, chenga hazizidi kumi, tena umekaa ghalani. Mchele mkongwe unajaa sufuria."

Hayo aliyasema kwa ulimi tu. Ameyasema miaka mingi, na yote ni kweli. Mizani alitabasamu, maana mpishi alikuwa ameanza kutikisa kichwa kwa kukubali. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kifuko cha pili kilikuwa chenga tupu, vipande vitupu kama vya kulishia kuku. "Hii kilo elfu moja na mia nane," mpishi alisema. "Gunia hamsini, elfu tisini. Hii najua utaitupa."

Bi Chenga aliitandaza. Ilikuwa safi, haina pumba, haina mchanga. Aliuliza tu kwa mazoea, kama daktari anavyouliza habari za usingizi: "Wagonjwa wako unawapikia nini hasa?"

"Asubuhi uji wa mchele. Mchana wali laini. Wafanyakazi ndio wanaokula wali wa kuchambuka, lakini hao ni wachache." Mpishi alishusha sauti. "Na nikwambie ukweli, sahani za wodini zinarudi nusu. Wali wenu ni mzuri, punje zinasimama kila moja peke yake, ukiwa mzima unaupenda. Lakini mgonjwa hana nguvu ya kutafuna. Nikiongeza maji unajaa tu. Nikiongeza moto, muda wa chakula unafika bado haujalainika. Mimi nasema ni maradhi yanawakatisha hamu."

Mkono wa Bi Chenga ulisimama juu ya sinia.

Alijua mara moja. Na aliona kuwa angeweza kunyamaza. Mpishi alikuwa amekwisha kuelekea kwake, kilo na kilo zilikuwa zimeshawashinda wakubwa wanaocheka. Mizani alikuwa anamtazama kwa macho ya mtu anayeombea. Neno moja la kusifia harufu, na duka lingeendelea.

"Shoga, si maradhi," alisema. "Ni mchele."

"Dada," Mizani aliita taratibu.

"Chenga zinaiva upesi, zinalainika, zinashikana. Kwa uji hakuna kinachozishinda. Osha vizuri tu, zina vumbi la unga, na koroga zisishike chini. Wali wa wodini pika huu wa ng'ambo, una chenga za kutosha kuulainisha. Wetu chukua gunia chache za wafanyakazi, ukipenda. Ningekuwa mimi ndiye ninayepika, ndivyo ningenunua."

Mpishi hakuwa mjinga, alijua kodi inadaiwa, soko zima linajua. Alivaa viatu vyake polepole. "Na wewe utamwuzia nani?"

"Sijui."

"Gunia za wafanyakazi nitachukua kwako," mpishi alisema, kisha akaona aibu ya udogo wa neno hilo, akashika bega la Bi Chenga na kutoka.

Mizani alipoongea, sauti yake ilikuwa imechoka kama ya dada yake. "Hukudanganya hata kidogo ulipoanza. Kwa nini hukuishia pale? Miaka yote tumewauzia mchele mzuri kuliko wote. Mzuri kuliko wote, dada! Kosa letu liko wapi?"

"Hapo hapo," alisema Bi Chenga.

Mama yao alilazwa kwenye wodi ya hospitali hiyohiyo majuma yake ya mwisho. Bi Chenga mwenyewe ndiye aliyekaa ubavuni na sahani, akimlisha. Mama alikuwa anaushika wali mdomoni, anautafuna, anautafuna, halafu anautoa kwenye kiganja kama mtoto. Na yeye, kwa majivuno ya kijinga, alikuwa anamwambia: kula mama, huu wa kwetu, huu ndio ule wako, chenga hazizidi kumi.

"Alikuwa na njaa," Bi Chenga alisema. "Mizani, mama alikuwa na njaa."

Mdogo wake alimwangalia bila kuelewa, kisha akaelewa, akaja kukaa chini karibu naye kwenye sakafu ya saruji. Mteja wa kilo mbili alisimama mlangoni akauliza bei.